Hadhira inapopotea katikati ya wasilisho

Swali: Nawasilisha ripoti ya dakika 40 kuhusu upotevu wa maji kwenye mtandao wa mabomba. Nasema kwanza, pili, aidha, vilevile, lakini katikati watu huniuliza tuko sehemu gani. Niongeze misemo gani?

Jibu: Usiongeze hata mmoja. "Aidha" na "vilevile" huunganisha sentensi zinazofuatana tu. Msomaji akipotea hurudisha macho juu ya ukurasa, ila msikilizaji hana pa kurudi. Aliyehama kimawazo kwa dakika moja, kisha akazindukia kwenye "pili", atajuaje ni pili ya nini?

Tuseme ripoti yako ina sababu tatu: mabomba chakavu, mita mbovu na maunganisho haramu. Unapotoka ya kwanza kwenda ya pili, sema hivi: "Mabomba chakavu tumeyamaliza: yanavuja zaidi usiku, matumizi yakipungua na shinikizo likipanda. Lakini kuvuja hakuelezi maji yanayomfikia mteja bila kuhesabiwa. Hapo inaingia sababu ya pili kati ya tatu, yaani mita." Kisha nyamaza kidogo. Umefunga ya nyuma, umeeleza kwa nini tunahama, na inayofuata umeitaja kwa namba na kwa jina. Aliyepotea amerudi, na aliyekuwa makini hukumchosha.

Namba ziachie sababu kuu peke yake. Ndani ya mita ukianza tena "kwanza, mita zilizozeeka, pili, zilizofungwa vibaya", watu wamesikia "pili" mbili na hesabu imevurugika. Vipengele vidogo viite kwa majina: "Tukiwa bado kwenye mita, tuangalie zilizofungwa vibaya." Ukichepuka kusimulia kisa, tangaza unatoka, na ukirudi utaje unaporudi: "Narudi kwenye mita." Wengi hutangaza kutoka, wakasahau kutangaza kurudi, na mara nyingi hapo ndipo swali la "tuko wapi" huzaliwa.

Kinachoniudhi ni hizi orodha za "misemo 50 ya mzungumzaji hodari" zinazouzwa kwenye mafunzo ya siku moja. Watu wazikariri, halafu wanazimwaga kwenye hotuba isiyo na mpangilio. Msemo hauwezi kuonyesha njia ambayo mwenyewe hukuichora. Orodha hizo ndizo pia zinazowazoesha watu kusema "kwa kumalizia" kama pambo, kisha wakaendelea robo saa. Hadhira ikisikia neno hilo hufunga daftari, na ukianzisha hoja mpya baada yake, wachache watakuwa nawe.

Kabla ya kuwasilisha, andika sentensi zako za mpito peke yake, bila maelezo ya katikati. Msomee mtu asiyeijua ripoti, mara moja tu, kisha akutajie sehemu zake na kwa nini zimefuatana hivyo. Akikwama mahali, ujue mpito wa hapo haujaeleza sababu ya kuhama, au sehemu hizo mbili hazina uhusiano. Ikiwa ni hilo la pili, rudi ukapange ripoti upya.