Barua pepe zinafunguliwa lakini hazijibiwi: anza kwa kuuliza nani aliyezifungua

"Natuma barua pepe kwa shule binafsi za bweni kuziuzia huduma ya kufukiza kunguni. Mfumo unaonyesha asilimia 58 ya barua zinafunguliwa, lakini katika barua 240 nimejibiwa na watu wawili tu. Nimeshabadilisha kichwa cha barua mara tatu. Tatizo liko wapi?"

Ndugu, kichwa cha barua kiache kama kilivyo kwa sasa. Kabla ya jambo lolote, jitumie barua hiyo wewe mwenyewe kupitia mfumo uleule, ibonyeze ujibu, kisha utazame anwani inayojitokeza. Sisi tuligundua kwa njia hiyo kwamba sehemu ya Reply-To ilikuwa imebaki na anwani ya kijana aliyekwisha kuacha kazi, na majibu manne yalikuwa yamelala humo kwa siku kumi na moja. Hesabu pia waliokupigia simu au kukuandikia WhatsApp, kwa sababu mfumo wa barua hauwezi kuwaona.

Hiyo asilimia 58 nayo ina maswali yake. Mfumo huficha ndani ya barua kipicha kidogo cha pikseli moja, na kipicha hicho kikipakuliwa, barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa. Tangu Septemba 2021, watumiaji wa Apple waliowasha mpangilio wa Protect Mail Activity hupakuliwa picha zote na seva za kampuni hiyo hata kama mwenyewe hajaigusa barua, na baadhi ya vichujio vya usalama vya maofisini hufanya vivyo hivyo barua inapoingia tu. Kwa upande mwingine, mwenye Outlook iliyozuia picha anaweza kusoma barua yako neno kwa neno na asihesabiwe. Ukiona barua nyingi zimefunguliwa sekunde chache baada ya kutumwa, hasa usiku, huyo si msomaji. Ziondoe, kisha endelea na zilizobaki.

Naeleza yaliyotukuta sisi, kwa kuwa nadhani ugonjwa wako ni huohuo. Nilikuwa na mwenzangu katika karakana ya majokofu na vyumba vya baridi mjini Arusha, na tulitaka mikataba ya matengenezo kwa mahoteli na kambi za watalii. Tulituma barua 184. Zilifunguliwa 112, sawa na asilimia 61, nasi tukafurahi mno. Majibu yalikuwa matatu, na mawili kati yake yalisema kitu kimoja: "Mnahitaji vyumba vingapi, na kwa tarehe zipi?"

Kichwa chetu kilisema "Swali kuhusu vyumba vyenu". Tulimaanisha vyumba vya baridi vya jikoni. Anayepokea maombi ya wageni angewezaje kuacha kuifungua barua ya namna hiyo? Tulipoigawa orodha, tuliona kwamba anwani 103 zilikuwa za info@ na reservations@, na kati ya hizo 79 zilifunguliwa, ilhali kati ya anwani 81 za watu binafsi zilifunguliwa 33 tu. Kwa maneno mengine, kiwango chetu kizuri kilitokana na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kufungua kila kinachoingia, na ambao hawajawahi kuombwa maoni yao juu ya kompresa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolichunguza ni walengwa, na nadhani lazima liwe la kwanza, kwa kuwa ofa nzuri ikimfikia asiyehusika hutoa matokeo sawasawa na ofa mbaya, nawe hutaweza kuzitofautisha. Tulipiga simu mapokezi ya hoteli moja moja, tukauliza jina la msimamizi wa matengenezo na anwani yake. Ilituchukua siku sita tukapata watu 46. Tuliwatumia barua ileile, tukibadilisha kichwa tu ili kiseme ukweli. Zilifunguliwa 21, yaani kiwango kilishuka hadi kama asilimia 46, na majibu yalikuwa mawili. Mwenzangu alivunjika moyo. Mimi niliona tumepiga hatua, kwa sababu majibu hayo yalikuwa ya aina nyingine: mmoja alisema "Tunaye fundi wetu", na mwingine alisema "Nitafute msimu ukiisha." Watu hao walikuwa wameelewa tunauza nini, na walikuwa wanaikataa ofa yenyewe.

Hapa kuna tahadhari moja ya hesabu. Ukituma barua 60 usijibiwe hata na mmoja, bado kiwango cha kweli cha barua hiyo kinaweza kuwa hadi kama watu watano kwa mia; kanuni ya haraka ni kugawanya 3 kwa idadi ya uliotuma. Orodha ndogo kama zetu haziwezi kuamua kwa namba peke yake kati ya barua mbili, na ndiyo maana mabadiliko yako matatu ya kichwa hayakukufundisha kitu. Katika kiwango hiki, maneno ya waliojibu na simu kwa waliofungua bila kujibu ndiyo yanayosema zaidi.

Nilichagua sita miongoni mwa waliofungua zaidi ya mara moja, nikawapigia. Wanne walipokea. Sikuuliza kwa nini hawakujibu, kwa kuwa swali hilo humfanya mtu ajitetee. Niliuliza walipoisoma waliiweka wapi. Mmoja alisema hakuona tofauti kati yetu na barua nyingine tatu alizokuwa nazo. Wawili walisema kwamba ilikuwa Julai, hoteli imejaa, na hakuna mpishi mkuu atakayekubali mlango wa chumba cha baridi ufunguliwe kwa saa mbili fundi akichokonoa. Wa nne alisema, "Niliiacha ili nimuulize meneja, halafu nikasahau."

Watatu wa kwanza walizungumzia ofa, na wa nne alizungumzia ombi tuliloliweka mwishoni. Tukaanza na ofa. Barua ya awali ilisema tunatoa "huduma bora za matengenezo ya mitambo ya ubaridi kwa bei nafuu", sentensi ambayo karakana yoyote ya nchi hii ingeweza kuitia sahihi. Tuliifuta, tukaandika kwamba tutaacha ndani ya chumba cha kugandishia kifaa kidogo cha kurekodi joto kwa siku tatu, bila kufungua mtambo wala kusimamisha jiko, kisha tutawapa karatasi moja inayoonyesha ni saa ngapi joto lilipanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri na kwa muda gani. Kazi kubwa yenyewe, kama ingehitajika, tuliipangia Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo hoteli nyingi za kaskazini hupungukiwa wageni. Ofa hiyo haikumwambia mtu amfukuze fundi wake, ila ilimpa kitu ambacho fundi wake hakuwa amempa.

Ombi la mwisho lilitusumbua zaidi ya nilivyotarajia. Barua ya kwanza ilikuwa na mambo matatu: tembelea tovuti, piga simu, na "usisite kuwasiliana nasi kwa maelezo zaidi". Mtu akipewa njia tatu huahirisha zote. Tuliwagawa watu 44 waliobaki katika makundi mawili, wote wakipata ofa mpya. Kundi la kwanza, watu 22, tuliliuliza, "Tuje Jumanne au Alhamisi asubuhi?" Walijibu watatu. Nilidhani swali hilo ni rahisi, mpaka nilipokumbuka yule wa nne kwenye simu: msimamizi wa matengenezo hawezi kuruhusu mgeni aingie jikoni bila kibali cha meneja na mpishi mkuu. Tulikuwa tumemwomba jibu ambalo halikuwa mikononi mwake.

Kundi la pili tuliliuliza hivi: "Kipimajoto kilichopo mlangoni mwa chumba chenu cha kugandishia kinasoma ngapi saa kumi na moja alfajiri, kabla wapishi hawajaanza kufungua mlango?" Hilo anaweza kulijibu bila kumwomba mtu ruhusa, na pia linamgusa, kwa sababu saa hiyo chumba kinapaswa kuwa katika ubaridi wake wa juu. Kikisoma nyuzi 11 chini ya sifuri, mwenyewe anajua kuna jambo: barafu imefunika kivukizi, raba ya mlango imechoka, kondensa imejaa vumbi, au gesi imepungua. Walijibu wanane, watano kati yao kwa WhatsApp wakiambatisha picha ya kipimajoto. Tofauti kati ya watatu na wanane katika makundi madogo hivyo haitoshi kuwa ushahidi, lakini picha zile zilinitosha.

Sasa nikigeukia kwako. Anwani za shule kwa kawaida huishia kwa katibu muhtasi, na yeye hufungua kila barua, hata tangazo la sare. Anayesumbuliwa na kunguni ni matroni au patroni wa bweni, anayelipa ni mhasibu, na anayesaini ni mkuu wa shule. Igawanye orodha yako kwa vigezo hivyo uone kati ya barua 240 ni ngapi zilimfikia matroni au mkuu mwenyewe. Nisingeshangaa zikiwa chini ya thelathini. Wapate hao kwanza, watumie barua uliyonayo bila kuibadilisha, usome watakavyokukataa.

Wakisema wameshawahi kufukiza na kunguni wakarudi, ofa yako iko hapo hapo. Mayai ya kunguni huanguliwa baada ya takriban wiki moja hadi siku kumi, na dawa nyingi za kupuliza haziyaui vizuri, kwa hiyo anayepuliza mara moja akaondoka huacha kizazi kipya nyuma yake. Uza safari mbili zinazoachana kwa wiki mbili hivi, ndani ya likizo ya Juni au Desemba mabweni yakiwa matupu, ukaguzi wa magodoro ukiwa ndani ya bei hiyohiyo. Ombi lako la mwisho lisiwe kupanga mkutano na mkuu wa shule. Muulize matroni kitu anachokijua yeye, kwa mfano ni likizo ipi mabweni yalipulizwa mara ya mwisho, na kama walirudi kupuliza mara ya pili.

Kuna kundi moja ambalo sisi hatukulifanikisha kwa namna yoyote, nalo ni wenye mabucha. Tulikuwa na anwani kumi na tisa, tukabadilisha walengwa, ofa na ombi, na hakuna aliyejibu. Nilipokwenda dukani kwa mmoja wao alinionyesha simu yake: anwani ile ilifunguliwa na mwanawe wakati wa kusajili laini, na nenosiri halikumbukwi na mtu. Wale tuliwapata kwa miguu.