Kadi ya wapendanao: usitafsiri vina, vitunge upya

Ukipewa kadi ya Siku ya Wapendanao uitafsiri, mara nyingi utakutana na ubeti wa Kiingereza unaosema waridi ni jekundu, urujuani ni wa bluu, sukari ni tamu, nawe pia. Umbo linalokaribiana na hilo, lenye asali badala ya sukari, lilichapishwa tangu 1784, na mimi ubeti huo ulinishinda mara ya kwanza. Niliandika hivi:

Mawaridi ni mekundu,
urujuani ni bluu,
sukari ni tamu,
nawe pia.

Hesabu mizani: 8, 8, 6, 4. Mistari miwili ya mwanzo inaishia irabu moja, lakini kwetu kina ni silabi nzima, na "ndu" si "u". Mstari wa nne ndio ulioumia zaidi. Kwa Kiingereza unaishia neno lenye maana ya "wewe", linalotamkwa "yuu", nalo linajibizana na "bluu". Ua lile la pili limeletwa kwa ajili ya sauti hiyo tu. Sauti ikipotea, ua linabaki halina kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, tenga maneno yanayobeba ujumbe na yale yaliyoitwa kutumikia kina. Hapa ujumbe ni waridi, utamu na mpenzi. Urujuani niliuacha bila kusita.

Kisha chagua kina kutoka kwenye neno la ujumbe lenyewe. Nilichukua "tamu", nikaandika pembeni ndugu zake wote wa "amu": damu, hamu, salamu, kalamu, karamu, zamu, fahamu. Orodha hiyo ndiyo iliyonipa picha mpya, maana "damu" ni rangi ya waridi. Kwa kanuni kina cha "mu" peke yake kinatosha, na "dumu" lingeingia. Lakini kadi ina mistari minne tu, na sikio linafurahi zaidi likisikia "amu" kamili. Epuka kukimbilia moyoni, machoni, maishani. Vina ni sahihi, ila "ni" hiyo inabandikwa karibu kila jina, na msomaji anaibashiri kabla hajafika.

Rasimu yangu ilimalizia "wewe hunikati hamu", mizani 8 kamili. Nilitaka kusema simkinai. Mwenzangu aliisoma kwa sauti akauliza, "Kwani hamridhishi?" Alikuwa sahihi: asiyekukata hamu ni asiyekutosheleza, na ubeti wa mapenzi ukawa lawama. Tangu hapo kila ubeti namsomea mtu asiyeujua wa asili. Toleo lililokwenda kwenye kadi ni hili:

Waridi rangi ya damu,
nakutumia salamu,
sukari ijapo tamu,
kwako haiishi hamu.

Mizani ni 8 kila mstari. Salamu haimo katika Kiingereza, na sukari haisemi tena "nawe pia": hiyo hukinaisha, mpenzi hakinaishi.