Kutoka slaidi hadi kisa kilichoandikwa: anza na matokeo

Ninapopewa wasilisho lenye visa vingi, sivigeuzi vyote kuwa maandishi. Natafuta kile ambacho matokeo yake yamepimwa kwa kipimo kilekile kabla na baada ya kazi. Kisha naandika sehemu ya matokeo kwanza, ingawa msomaji ataikuta mwishoni, kwa sababu ndiyo inayoniambia usuli useme nini.

Kisa kimoja nilichokifanyia kazi kilihusu ghala la vipuri. Slaidi ilisema: "Oda zilizochelewa zimepungua kwa asilimia 40." Chini yake palikuwa na vidokezo vitatu: kupanga rafu upya, lebo mpya, mafunzo. Nani alifanya, lini, na kwa nini? Kimya.

Niliomba hesabu za kila wiki. Mwanzoni zilichelewa oda 10 kati ya 200. Katika wiki iliyotumika kwenye slaidi zilichelewa 6, na kweli kutoka 10 hadi 6 ni pungufu ya asilimia 40. Lakini wiki hiyo oda zote zilikuwa 120 tu! Sita kati ya 120 ni asilimia 5, sawasawa na 10 kati ya 200. Kilichopungua ni biashara. Matokeo halisi yalionekana wiki za mbele, oda ziliporudi 200 na zilizochelewa zikabaki 6, yaani asilimia 3. Ndiyo maana huwa siandiki asilimia ya slaidi kabla sijaona imetoka katika jumla ipi.

Baada ya hapo usuli ulikuwa mfupi. Nilieleza oda huhesabiwa imechelewa inapopita tarehe aliyoahidiwa mteja, nikataja 10 kati ya 200, nikaongeza sababu iliyorekodiwa mara nyingi: vipuri vinavyofanana kuchukuliwa kimakosa. Historia ya kampuni niliiacha yote.

Sehemu ya hatua ndiyo hunichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa vidokezo vya slaidi havina mtenda wala tarehe. Nilisoma maelezo ya mzungumzaji yaliyo chini ya slaidi, kisha nikaongea na msimamizi wa ghala. Rafu zilikuwa zimepangwa kabla ya hesabu ya kwanza, na mafunzo yalikuja baada ya ucheleweshaji kupungua. Zilibaki lebo. Basi nikaandika: "Msimamizi wa ghala alibandika lebo za rangi tofauti kwenye vipuri vinavyofanana." Mafunzo yalipata sentensi moja, pamoja na tarehe yake.

Kwa kuwa hapakuwa na ghala la pili la kulinganisha nalo, kwenye matokeo niliandika kwamba ucheleweshaji ulipungua "baada ya" lebo kuwekwa, si "kwa sababu ya" lebo. Mwenye wasilisho alitaka neno zito zaidi. Nilimwomba rekodi za sababu za oda 6 zilizobaki: kama makosa ya kuchanganya vipuri yametoweka humo, sentensi inaweza kukazwa.