Myeyusho B si lazima uwe nyutro

"Kwenye jedwali, myeyusho B ulikuwa njano kwa methili oranji na haukuwa na rangi kwa fenolfthalini. Niliandika ni nyutro, nikakoseshwa. Pia mlinganyo wa A (asidi ya salfuriki) na C (hidroksidi ya sodiamu) nimekosa."

Ndugu, kosa la kwanza linatokana na kudhani kwamba kila kiashiria hubadilika rangi kwenye pH 7. Methili oranji huwa nyekundu chini ya takriban 3.1 na njano kamili kuanzia 4.4, ilhali fenolfthalini hubaki bila rangi mpaka karibu 8.2. Kwa hiyo matokeo yako yanathibitisha tu kwamba pH ya B iko kati ya 4.4 na 8.2, na maji ya mvua, ambayo huwa na asidi kidogo (karibu 5.6) kwa sababu ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, yangetoa rangi zilezile. Ili kutofautisha, ongeza bromothimoli bluu: maji ya mvua yataonyesha njano, na myeyusho nyutro utaonyesha kijani. Litmasi pia ingesaidia, ingawa kwa asidi hafifu namna hiyo rangi yake haisomeki vizuri.

Kuhusu mlinganyo, nahisi uliandika NaOH moja. Asidi ya salfuriki hutoa ioni mbili za haidrojeni, kwa hiyo huhitaji hidroksidi mbili:

```
H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O
```

Usiandike NaSO4, kwani ioni moja ya salfeti huhitaji sodiamu mbili.