Ukiandika ripoti ya zamu, ruka mstari

Mkianza kazi ya kuangalia seva, kitu cha kwanza mtakachokabidhiwa ni kuandika ripoti ya zamu. Watu wengi hudhani ugumu wake ni kukumbuka yaliyotokea. Mimi ripoti iliyonitesa kuliko zote ilikuwa na kila kitu ndani yake, ila mistari yake ilishikana.

Nilikuwa namkabidhi mwenzangu zamu ya usiku, saa 2. Niliandika hivi, kila jambo kwenye mstari wake, nikibonyeza Enter mara moja tu:

```
Seva ya malipo iko sawa
Usizime
Seva ya bakapu
Ina diski mbovu, izimwe kabla ya saa 6 usiku
```

Kwenye kisanduku cha kuandikia niliona mistari minne iliyopangika vizuri. Nikahifadhi, nikaenda nyumbani. Mwenzangu alipofungua ukurasa uleule kwenye simu yake aliona hiki:

```
Seva ya malipo iko sawa Usizime Seva ya bakapu Ina diski mbovu, izimwe kabla ya saa 6 usiku
```

Someni tena taratibu, kama mtu aliyechoka anavyosoma. "Usizime Seva ya bakapu." Yeye akaelewa kwamba seva ya bakapu isiguswe, na kwamba kinachotakiwa kuzimwa kabla ya saa 6 ni ile diski. Akaiacha seva inaendelea. Usiku wa manane ile diski ikafa kabisa, na bakapu ya siku hiyo ikaenda nayo. Hakukuwa na neno hata moja la uongo kwenye ripoti yangu, na yeye alisoma kila neno lililokuwepo. Kilichopotea ni mikato mitatu ya mistari, na hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiachia kazi ya kutenganisha seva moja na nyingine.

Chanzo chake ni hiki. Mfumo wetu wa ripoti unatumia Markdown, ule uandishi uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambao sasa uko ndani ya mifumo mingi ya tiketi na ya kumbukumbu za miradi. Kwenye Markdown, Enter moja katikati ya maandishi haihesabiwi kuwa mwisho wa kitu chochote. Aya inaendelea mpaka ukutane na mstari mtupu. Markdown hugeuzwa kuwa HTML, na kivinjari kinaposoma HTML ya kawaida huchukulia mkato wa mstari kuwa sawa na nafasi moja kati ya maneno. Ndiyo maana "sawa" na "Usizime" vilikaa pamoja, vikiwa na nafasi moja katikati.

Msiione hiyo kuwa hitilafu. Watu waliozoea barua pepe za maandishi matupu walikuwa wakikata mistari kwa mkono kila baada ya herufi sabini na kitu ili isomeke kwenye skrini, na mkato wa namna hiyo hauna maana yoyote. Markdown ilifuata mazoea hayo: mkato mmoja ni wa upana, mstari mtupu ni wa maana. Ukilijua hilo, unaelewa kwamba programu haikuharibu ripoti yangu. Ilifanya ilichoandikiwa kufanya.

Kinachowachanganya wageni ni kwamba si kila mahali panafanya hivyo. Chukueni GitHub. Ukiandika ile mistari minne kwenye maoni ya tiketi, itaonekana mistari minne, kwa sababu pale Enter moja hugeuzwa kuwa mkato wa kweli. Chukua maandishi hayohayo, yaweke ndani ya faili la `README.md`, nayo yatashikana kuwa aya moja. Mwandishi ni yuleyule, tovuti ni ileile, matokeo ni mawili. Kwa hiyo kuona kwamba "kwangu inaonekana vizuri" hakukuambii mwenzako anaona nini.

Dawa ni kubonyeza Enter mara mbili, ili kati ya jambo na jambo ubaki mstari usio na kitu. Mstari mtupu unaheshimiwa na Markdown ya kila aina niliyowahi kuitumia, na kwenye barua pepe ya maandishi matupu nako unabaki ulivyo. Huhitaji kuacha miwili au mitatu. Markdown huihesabu kama mmoja.

Mtaonyeshwa njia nyingine: kuacha nafasi mbili mwishoni mwa mstari kabla ya Enter. Inafanya kazi kwenye Markdown, lakini mimi siwashauri. Nafasi hizo hazionekani kwa macho, kwa hiyo anayehariri baada yako hajui kwamba zipo wala kwamba zina kazi. Halafu programu nyingi za kuandikia msimbo zinaweza kupangwa zifute nafasi za mwisho wa mstari kila faili linapohifadhiwa. Unahifadhi, nafasi zinaondoka, mistari inashikana, na hakuna aliyegusa neno. Alama ya `\` mwishoni mwa mstari ni afadhali kwa sababu inaonekana, na inafaa pale ambapo mistari lazima ikae karibu, kwa mfano anwani. Ila mahali pasipojua Markdown, msomaji ataiona alama yenyewe imeganda pale.

Kwenye orodha, acheni mstari mtupu kabla ya kipengele cha kwanza. Baadhi ya programu zinakubali orodha ianze moja kwa moja chini ya sentensi, nyingine haziikubali na zinaimeza ndani ya aya. Angalieni zaidi mnapoendeleza hatua kuanzia namba 2 chini ya maelezo: kwa kanuni za CommonMark, ule mwongozo wa Markdown unaofuatwa na programu nyingi, orodha ya namba inaweza kuikatiza aya ikiwa tu inaanza na 1. Hatua yako ya 2 itakuwa sehemu ya sentensi iliyo juu yake. Na ukipiga mstari wa vistari `---` bila kuacha mstari mtupu juu yake, aya ya juu hugeuka kuwa kichwa cha habari chenye herufi kubwa nene.

Mstari mtupu nao una mpaka wake. Kama fomu inamwaga maandishi yako moja kwa moja kwenye HTML bila kuyageuza, hata mistari mitupu itamezwa. Hapo mwandishi hana la kufanya. Mwambieni anayetunza ukurasa aweke `white-space: pre-line` kwenye sehemu hiyo.

Kujua kama mistari imeshikana, usitazame tu. Hifadhi, fungua ukurasa uliokwisha kuhifadhiwa, kisha punguza upana wa dirisha. Kama maneno ya mstari wa pili yanapanda na kushuka kuufuata upana, hiyo ni aya moja. Kama kila jambo linaanza upya pembeni kushoto hata ukilibana vipi, limetengana kweli.

Na siku hizi kila jambo naliwekea jina la kifaa chake na nukta yake, ili hata mistari ikishikana mahali nisipopajua, maana isihame. Ile ripoti ningeiandika hivi:

```
Seva ya malipo iko sawa. Seva ya malipo isizimwe.

Seva ya bakapu ina diski mbovu. Seva ya bakapu izimwe kabla ya saa 6 usiku.
```