Umeibiwa Dar? RB ni kitu kimoja, losi ripoti ni kitu kingine

Watu wengi wakiibiwa hapa Dar es Salaam wanakimbilia losi ripoti. Wanaingia kwenye mfumo wa polisi wa lormis.tpf.go.tz, wanajaza, wanalipia kwa simu, wanachapisha karatasi yenye maandishi Police Loss Report, halafu wanakaa kusubiri waambiwe mwizi amekamatwa. Hawaambiwi kitu, kwa sababu hakuna anayemtafuta. Karatasi ile inasema umepotelewa na mali. Haisemi umeibiwa, na polisi hafungui jalada la uchunguzi kwa sababu ya kitu kilichopotea.

Ukiibiwa unachohitaji kwanza ni RB, yaani tukio lako liandikwe kwenye kitabu cha taarifa pale kituoni na upewe namba. Losi ripoti inafuata baadaye, na kazi yake ni kukusaidia kupata upya vitambulisho na kadi zako. Nimewasindikiza ndugu na majirani kituoni kwa mambo haya, na kila mara naona mtu anarudi nyumbani na karatasi moja akidhani inafanya kazi ya zote mbili.

Nieleze kwa kisa cha mdogo wangu wa kike. Alichaniwa pochi kwa wembe ndani ya daladala ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Waliondoka na simu, kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva, kadi ya benki na pesa taslimu. Aligundua aliposhuka. Kabla ya kituo cha polisi kulikuwa na jambo moja lisilosubiri, nalo ni laini. Mwizi wa mjini siku hizi anaitaka simu, lakini anazitaka zaidi pesa zilizomo na jina lako la kukopea watu. Aliazima simu ya muuza vocha, akapiga 100 kwa mtandao wake, akafunga laini na akaunti ya pesa, kisha akapiga benki kufunga kadi. Hapo ndipo tukaenda kituoni.

Nenda kituo kilicho karibu na tukio lilipotokea, si lazima kilicho karibu na kwako. Kwenye daladala ni kazi kujua ulipoibiwa, kwa hiyo taja mahali ulipogundua na mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika mali ipo. Pale kaunta utamkuta askari wa zamu. Msalimie, mwambie waziwazi: "Afande, nimeibiwa, naomba kufungua RB." Neno hilo la kuibiwa lina uzito. Mdogo wangu alianza kwa kusema "nimepoteza simu na vitambulisho", kama tunavyozoea kusema, na askari akaanza kumwelekeza kwenye losi ripoti papo hapo. Aliposema pochi imechanwa, akaionyesha na ule mchano, mazungumzo yakabadilika. Kama una kitu kama hicho, begi lililochanwa au kufuli lililovunjwa, kibebe kama kilivyo, usikishone wala kukitengeneza kwanza.

Na kama ulitishwa, ulipigwa au ulishikiwa kisu, sema hivyo tangu mwanzo. Huo si wizi tena, ni unyang'anyi, kosa zito zaidi mbele ya sheria. Ukiwa umeumia utapewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, nayo baadaye inakuwa sehemu ya ushahidi.

Ukishaandikwa utapewa namba. Mara nyingi inaandikwa kwenye kikaratasi kidogo: herufi za kituo, neno RB, namba ya tukio na mwaka. Kipige picha palepale, maana kikaratasi hicho kinapotea kirahisi na bila namba utaanza upya kila ukirudi. Andika pia jina la askari aliyekuhudumia. RB hailipiwi. Ukiombwa hela ya karatasi, ya vocha au ya mafuta, omba kuonana na mkuu wa kituo, yule wanayemwita OCS. Isipotatuliwa hapo, juu yake kuna OCD wa wilaya, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Nasema hivi kwa moyo mmoja: mtu aliyeibiwa asubuhi asitozwe tena mchana.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Askari atakuuliza IMEI. Hii ni namba ya tarakimu 15 ya kifaa, siyo ya laini, na bila hiyo maelezo yako yatasomeka "simu aina ya Samsung rangi nyeusi", na simu za namna hiyo mjini hazina idadi. Ukiwa na simu mkononi unaipata kwa kubonyeza *#06#. Ukiwa umeshaibiwa, itafute kwenye boksi au kwenye risiti ya dukani. Mdogo wangu boksi alishalitupa. Tulichofanya ni kuingia kwenye akaunti yake ya Google kwa simu yangu, ukurasa wa google.com/android/find, tukabonyeza alama ya maelezo pembeni ya jina la simu yake, IMEI ikatokea. Simu yenye laini mbili ina IMEI mbili, andikisha zote.

Kuna uamuzi mmoja unaohusu IMEI ambao watu hawaambiwi mapema. Ukishakuwa na taarifa ya polisi unaweza kwenda kwa mtandao wako kuomba simu ifungwe, isitumike tena hapa nchini kwa laini yoyote. Ni haki yako, na inamkomesha mnunuzi. Lakini simu iliyofungwa haiingii kwenye mtandao, na mpelelezi anaitafuta kwa kuangalia ni laini gani imewekwa ndani yake. Ukiifunga leo, umemnyima njia. Kwa hiyo ongea kwanza na mpelelezi. Kama unataka itafutwe, iache wazi, funga laini peke yake na ufute taarifa zako kwa mbali. Kama ilikuwa ya bei ndogo na huna haja ya kuifuatilia, ifunge uendelee na maisha.

Baada ya kaunta, jambo lako linakwenda kwa mkuu wa upelelezi, OC-CID, naye anampangia mpelelezi. Hapo ndipo linafunguliwa jalada lenye namba ya IR, na utaitwa kuandika maelezo. Siku ile ile ya kupewa RB uliza: "Mpelelezi wangu ni nani, na nije lini kuandika maelezo?" Nimeshaona RB zinazolala kwa sababu mlalamikaji hakurudi. Bila maelezo ya mlalamikaji mpelelezi hana pa kuanzia.

Maelezo yanaandikwa na askari huku wewe unaeleza, kisha unatia saini. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini, au omba usomewe. Angalia saa, mahali, thamani na ile IMEI tarakimu kwa tarakimu. Kwenye maelezo ya mdogo wangu tarakimu mbili zilikuwa zimegeuzwa nafasi, na askari alizisahihisha bila ubishi. Zingepita vile, mtandao ungetafuta simu ya mtu mwingine. Eleza ulichokiona tu. Kama unamshuku konda au jirani uliyekaa naye, sema ulichomwona akifanya na uishie hapo. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai, na mtu asiye na hatia anaweza kulala mahabusu kwa sababu ya hasira zako.

Losi ripoti tuliishughulikia tukishapata RB. Kwenye mfumo unaweka namba ya NIDA (namba unayo hata kama kadi imeibwa, hivyo iwe imeandikwa mahali nyumbani), unataja kila kitu kilichokosekana, unapata namba ya malipo ya serikali, unalipia kwa simu na kuchapisha. Andika kila kadi kwa jina na namba yake, maana NIDA watatafuta kitambulisho kwenye orodha hiyo, na TRA watatafuta leseni. Kilichosahaulika kitakulazimu kuomba na kulipia ripoti nyingine. Kwa mtandao wa simu yalitosha maelezo yake na alama ya kidole, akarudishiwa namba yake. Tulipomaliza, alibonyeza *106# kuona kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa NIDA yake. Ni vizuri kuirudia mara kwa mara baada ya wizi wa kitambulisho. Namba ya tapeli inayowaomba ndugu zako hela unaituma kwenda 15040.

Kisha kuna kusubiri. Mpelelezi anaandika barua rasmi kwa makampuni ya simu kuomba taarifa za ile IMEI, na majibu hayaji kesho. Wewe huwezi kuzipata taarifa hizo mwenyewe, na anayekuambia ana mtu wake ndani ya mtandao atakutafutia kwa hela kidogo, mwache. Fuatilia kwa heshima, ukitaja namba ya jalada.

Simu ya mdogo wangu ilikutwa kwa kijana aliyesema aliinunua mtaani bila risiti. Mara nyingi inakuwa hivyo: anayekamatwa ni mnunuzi, na upelelezi unarudi nyuma kutoka kwake kwenda kwa muuzaji. Ndugu zake walikuja nyumbani wakiomba yaishe, wakiwa na pesa mkononi. Kama wewe nawe unataka yaishe, usipokee chochote sebuleni. Nenda nao kwa mpelelezi, mwandikishane mbele yake, kwa sababu jalada liko kwake, na likishafika kwa mwendesha mashtaka huna tena mamlaka ya kulifuta kwa neno lako.

Simu ikipatikana hutaipewa siku hiyo. Inakuwa kielelezo, na inaweza kukaa mpaka kesi iishe. Utaitwa kuitambua, na utatakiwa kueleza alama zake kabla hujaonyeshwa: ufa wa kioo upande gani, kava ya rangi gani, picha gani mbele. Ukipata wito wa mahakama, nenda. Shahidi asipofika kesi inaahirishwa, ikiendelea hivyo inaondolewa, na mshtakiwa anarudi mtaani. Unaweza kumwomba mwendesha mashtaka akuombee mahakamani ukabidhiwe kifaa mapema, kipigwe picha zitakazobaki kwenye kumbukumbu. Si kila hakimu atakubali, lakini ombi linasikilizwa.

Siku ya kukabidhiwa, nenda na kitambulisho, risiti kama unayo, na chaja, kwa sababu simu itakuwa imezima muda mrefu. Iwashe palepale, bonyeza *#06#, linganisha na namba iliyo kwenye maelezo yako, ndipo utie saini ya kupokea. Na kama uliwahi kuomba ifungwe, chukua nakala ya hati hiyo ya makabidhiano uende nayo kwenye mtandao wako ili wakuombee ifunguliwe.