Kuripoti wizi kwenye shirika la watu tisa

"Shirika letu hapa Goma lina watu tisa. Tumeweka sanduku la maoni, hakuna anayeandika. Sera iseme nini ili mtu aripoti wizi bila kuogopa?"

— Sanduku la ofisini kila mtu anaona nani anasogea, dada. Tajeni wapokeaji wawili: mmoja wa ndani, mwingine mjumbe wa baraza la utawala asiyefanya kazi hapo. Anayetuhumiwa hagusi faili, hata akiwa mkurugenzi. Lakini siri huvuja zaidi kwenye uchunguzi. Tuseme dereva ameripoti fakture ya mafuta: imeandikwa lita 60, tangi la gari linabeba 45. Mkimuuliza mtu wa lojistiki fakture hiyo moja, jioni atajua nani alisema. Ombeni fakture zote za mafuta za miezi 3, kama ukaguzi wa kawaida, mzilinganishe na kilomita za kitabu cha gari.

— Ripoti ziwe bila jina tu, yaishe.

— Ziruhusiwe, papa, ila hazitoshi. Kama wawili tu ndio wanaoshika fakture, kuficha jina hakumfichi mtu. Kwa hiyo sera iseme pia: kwa mwaka 1, kumfukuza aliyeripoti au kutorefusha mkataba wake kuamuliwe na baraza, si na mkuu wake.

— Kwetu Bukavu aliyeripoti alikosea, fakture zilikuwa sawa. Aadhibiwe?

— Kama aliamini anachosema, hapana. Aliyetunga uongo akijua, ndiyo. Namna ya kuthibitisha kwamba alijua, hapo tunabishana bado.